Mshahara hapo, hisa hapo, Sacco hapo hapo

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Changamwe. Nina miaka 11 katika kampuni ya vyakula iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, na sasa ni msimamizi wa ghala. Mshahara wangu ni shilingi 110,000. Baada ya makato yote napata kama 60,000 mkononi.

Kwa miaka 6 nimekuwa nikikatwa 9,000 kila mwezi kununua hisa za kampuni. Tunauziwa kwa punguzo la asilimia 15, na kwa kila hisa 4 tunazonunua tunaongezewa 1 ya bure, ambayo huiva baada ya miaka 3. Leo nina hisa 40,000 na bei ni shilingi 30, yaani 1,200,000. Sijawahi kuwa na pesa kama hizo maishani. Kwenye Sacco ya kazini nina akiba ya 420,000, na benki nina 35,000.

Sasa kampuni imetutolea ofa maalumu: hisa mpya kwa shilingi 24, ila haziuzwi kwa miaka 2. Sacco iko tayari kunikopesha 600,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, nilipe kwa miezi 36. Wenzangu wengi wamejiandikisha. Baba Neema, ambaye ni dereva wa lori kwa mkandarasi anayebeba mizigo ya kampuni yetu, anasema tusiikose. Ndugu yangu wa Kilifi anasema niuze hata hizo nilizo nazo. Lakini hii kampuni naijua ndani nje, na kuuza naona kama kuisaliti. Nifanye nini? Ofa inafungwa mwisho wa mwezi.

Mama Neema, Changamwe

*

Marahaba, Mama Neema.

Mkopo huo usiuchukue. Ila usikimbilie kujitoa kwenye ule mpango wa kila mwezi, maana hayo ni mambo mawili tofauti na naona kazini kwenu yamechanganywa.

Tuanze na mpango wa kila mwezi, kwa sababu ni mzuri kweli. Ukitoa shilingi 1,000 leo, kwa punguzo lenu hisa moja ni shilingi 25.50, kwa hiyo unapata kama hisa 39 ambazo sokoni zina thamani ya shilingi 1,176. Juu yake unaahidiwa karibu hisa 10 za bure, ambazo kwa bei ya leo ni shilingi 294 nyingine. Elfu moja yako imekuwa 1,470. Hakuna benki wala chama kitakachokupa hivyo, na mtu anayekataa mpango wa namna hii huwa anaacha sehemu ya mshahara wake mezani.

Lakini angalia faida hiyo umeipata lini. Zile 176 za punguzo umezipata siku ile ile uliyonunua. Zile 294 unazipata siku hisa za bure zinapoiva. Baada ya hapo, punguzo limekwisha kazi yake. Hisa uliyoinunua mwaka wa kwanza kwa bei nafuu haina punguzo lolote ndani yake leo. Ni hisa ya shilingi 30 kama anayoinunua mtu wa Eldoret asiyewahi kuliona lango la kiwanda chenu. Watu wengi hapa ndipo wanapojikwaa: wanasema hisa wamezipata kwa bei nzuri, kwa hiyo wazishike. Kununua ni uamuzi mmoja, kuendelea kushika ni uamuzi mwingine, na huu wa pili unaufanya upya kila asubuhi hata kama hujui. Hebu fikiria shangazi yako amekuletea leo 1,200,000 taslimu. Je, ungezipeleka zote kununua hisa za mwajiri wako kwa bei ya sokoni? Kama moyo unasita, basi jibu la ndugu yako wa Kilifi si la kijinga.

Sasa tuhesabu kamba zinazokushikilia. Jumla ya akiba yako ni 1,655,000. Hisa ni 1,200,000 na Sacco ya kazini ni 420,000. Yaani katika kila shilingi 100 uliyoweka maishani, 98 zimefungwa kwenye mti mmoja, yaani kampuni yenu, na 2 tu ndizo ziko kwingine. Mshahara wako umefungwa mti huo huo. Safari za lori za Baba Neema pia. Mti huo ukianguka, hamtapoteza kitu kimoja kisha mkajishikiza kwa kingine. Vyote vitakwenda wiki moja.

Hisa watu huziona. Sacco ndiyo huwaponyoka, kwa hiyo niiongee kwa kirefu kidogo. Sacco ya kazini inaonekana kama kitu cha pembeni, na kisheria ni chama chenu, si cha kampuni. Lakini kila shilingi inayoingia humo inapitia ofisi ya mishahara ya kampuni. Mimi nilifanya kazi ya mishahara kwa zaidi ya miaka 20, na nimewahi kuona kwa macho yangu mwajiri aliyebanwa akikata pesa za wafanyakazi kila mwisho wa mwezi, hati ya mshahara ikionyesha makato vizuri kabisa, na pesa zenyewe haziwafikii Sacco. Kampuni ikikosa pesa, huwa haianzi kwa kuacha kulipa mishahara, maana kelele zake ni za siku hiyo hiyo. Huanza kwa yale malipo ambayo wafanyakazi hawayafuatilii: Sacco, pensheni, bima. Ndiyo maana ningependa kila mwezi uweke hati yako ya mshahara kando ya taarifa ya Sacco na ya mfuko wa pensheni, uone kama tarehe na kiasi vinalingana. Makato yakianza kuchelewa miezi miwili, mitatu, umepata habari ambayo soko la hisa bado halijaipata.

Kuna udhamini pia. Hujaniambia umewadhamini wenzako wangapi, na sijawahi kukutana na mtu wa Sacco ya kazini ambaye hajamdhamini mtu. Mwenzako akipoteza kazi, Sacco inachukua akiba yake kwanza kulipa deni lake, na salio linalobaki wanaligawa kwa wadhamini. Wakati wa kawaida hilo ni tatizo la mtu mmoja mmoja. Wakifukuzwa watu 200 kwa mpigo, wakopaji wote wanakwama pamoja, na wadhamini wao ni hao hao waliofukuzwa nao. Akiba yako ya 420,000 itakuwepo kwenye karatasi, lakini kuitoa hutaweza mpaka uliowadhamini wamalize kulipa au utafute mwingine wa kushika nafasi yako ya udhamini.

Tufanye mfano. Kampuni inatangaza hasara kubwa na kupunguza wafanyakazi, na bei inatoka 30 hadi 9. Hisa zako 40,000 sasa ni 360,000. Kwa Sheria ya Ajira unastahili notisi na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Kwa mshahara wako hiyo ni kama 55,000 mara 11, yaani 605,000, na kampuni iliyo hai italipa. Ikifilisika kabisa, mambo ni mengine. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inawaweka wafanyakazi mbele ya wadai wengi kwa mishahara yao ya karibuni, lakini kwa kiwango kisichozidi 200,000 kwa mtu. Mwenye hisa yeye yuko mwisho wa foleni kabisa, nyuma ya benki, nyuma ya mamlaka ya kodi, nyuma ya aliyewauzia maboksi. Kwa hiyo wewe ungekuwa kwenye foleni mara mbili, mara moja karibu na mlango kama mfanyakazi, na mara ya pili kule nyuma kabisa kama mwenye mali. Na pesa zako nyingi ziko kule nyuma.

Pensheni ndiyo kamba pekee ambayo sheria imeifunga mahali pengine. Mali ya mfuko hukaa mbali na mali ya mwajiri, chini ya wasimamizi wake na mamlaka ya kusimamia mafao ya uzeeni. Ilimradi makato yamefika.

Umeniandikia kwamba kampuni unaijua ndani nje. Nakuamini, upande wa ghala. Unajua mizigo inavyotoka na lini inalala. Lakini mikopo ambayo kampuni imechukua, masharti ya benki, na kinachojadiliwa na wakurugenzi, hayo hayapiti ghalani. Wafanyakazi wa Enron, kampuni ya nishati kule Houston, Marekani, walijiona wanaijua kampuni yao vilevile, na wao walikuwa kwenye makao makuu yake. Mwanzoni mwa 2001 hisa moja ilikuwa kama dola 80. Zaidi ya nusu ya akiba yao ya uzeeni kazini ilikuwa hisa za Enron. Kampuni iliwaongezea michango yao kwa hisa zake yenyewe, na hizo za nyongeza hazikuruhusiwa kuuzwa kabla mtu hajatimiza miaka 50. Kisha vuli ile, habari mbaya zilipoanza kutoka, mfuko ulikuwa unahamishiwa kwa msimamizi mpya na kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kuuza chochote. Tarehe 2 Desemba 2001 kampuni iliomba kufilisiwa, hisa ikiwa chini ya dola moja. Siku iliyofuata maelfu waliambiwa wabebe vitu vyao. Baadaye, mwaka 2006, Marekani ilitunga sheria ya kuwapa wafanyakazi haki ya kuhamisha nyongeza kama hizo kwenda kwingine baada ya miaka 3 ya utumishi.

Utasema Enron ilianguka kwa wizi wa mahesabu, na kwenu ni watu waaminifu. Sawa. Njoo nyumbani basi, mahali ambapo hakuna aliyehitaji kuiba. Wafanyakazi wa Kenya Airways nao wana mfuko wao wa hisa. Mwaka 2020 ndege zililala chini kwa sababu ya korona. Mishahara ilikatwa, mamia wakapoteza kazi, na Julai mwaka huo huo hisa za shirika zikasimamishwa sokoni kwa sababu ya mpango wa serikali wa kulitaifisha. Zilikaa hivyo hadi Januari 2025. Zilipofunguliwa zilipanda kwa muda, na aliyezisubiri alifurahi. Lakini aliyefukuzwa 2020 akiwa na karo ya kulipa Septemba, hisa zake hazikuwa na bei ya juu wala ya chini. Hazikuuzika tu, kwa miaka minne na nusu. Hatari ya namna hiyo watu huisahau: hisa kukwama wakati ule ule mshahara umekwama.

Turudi kwenye mkopo. Kwa 600,000 utapata hisa 25,000 ambazo leo zina thamani ya 750,000. Hapo unaona faida ya 150,000 na macho yanang'aa. Lakini kwa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, utalipa kama 19,900 kila mwezi kwa miezi 36, jumla karibu 717,000. Riba imekula 117,000, na faida imebaki kama 33,000 ukichukulia bei itasimama pale pale. Kila hisa imekugharimu karibu shilingi 28.70, si 24. Bei ikishuka chini ya hapo, umelipa riba ili upate hasara. Kuna gawio, ni kweli, na likitoka litapunguza makali baada ya kukatwa kodi ya asilimia 5. Ila gawio hutoka mwaka kampuni ina faida, na mwaka huo huna haja ya kuokolewa.

Kibaya zaidi si hesabu hiyo. Kwa miaka 2 ya kwanza huwezi kuziuza hisa hizo, lakini deni linaendelea kukatwa kwenye mshahara, na utabaki na kama 40,000 mkononi. Ukipoteza kazi katikati, deni haliulizi kama hisa zimefungwa. Akiba yako yote ya Sacco inaweza kwenda kulipa deni la kununua hisa za kampuni iliyokufukuza, na wenzako waliokudhamini wakaguswa pia. Ofa yenyewe si mbaya. Mtu mwenye shilingi 50,000 zisizo na kazi, na asiye na hisa nyingine za kampuni hiyo, ningemwambia anunue. Wewe tayari unazo za kutosha.

Sasa za kuuza. Kabla ya yote, nenda ofisi ya wafanyakazi uombe kanuni za mpango na taarifa yako ya hisa, uisome mwenyewe. Mipango mingi ina kifungu kinachosema ukiuza hisa ulizonunua kabla ya miaka 3, zile za bure zilizofungamana nazo unazipoteza. Ikiwa kwenu ni hivyo, hisa zako ziko mafungu mawili. Kwa makadirio yangu, kutokana na ulichonieleza, zile za miaka 3 ya mwanzo pamoja na nyongeza zake zilizoiva ni kama 24,000. Hizo ni huru. Zilizobaki 16,000 bado zinasubiri nyongeza, ziache. Tazama pia kifungu cha anayeondoka. Mipango mingi hutofautisha aliyeacha kazi mwenyewe au kufukuzwa kwa kosa na aliyepunguzwa kazini, na huyu wa mwisho mara nyingine huruhusiwa kuchukua hisa ambazo hazijaiva. Usikisie, soma.

Ningekuwa wewe ningeuza zile 24,000, kwa mafungu matatu au manne katika miezi kadhaa ijayo, ili usijilaumu kwa bei ya siku moja. Kama hisa ziko kwenye mfuko wa amana, unajaza fomu kwa wasimamizi wa mfuko wauze kwa niaba yako au wakuhamishie kwenye akaunti yako ya hisa, ile ya CDS, kisha dalali akuuzie. Pesa huingia siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo. Dalali na soko watachukua karibu shilingi 2 katika kila 100, kwa hiyo 720,000 itakuwa kama 705,000. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa hapa Kenya haitozwi kodi ya faida ya mtaji. Ila muulize afisa wa mishahara jinsi wanavyotoza kodi punguzo na hisa za bure, maana hiyo ni stahili ya kazi na huhesabiwa tofauti.

Angalizo moja kwa mtu wa ghala. Kampuni nyingi hufunga dirisha la kuuza majuma kadhaa kabla ya matokeo kutangazwa, na sheria inamkataza yeyote kuuza akiwa na habari nzito ambayo haijatangazwa. Ukijua kwamba mteja mkubwa ameondoka na soko halijui, huo si wakati wa kupeleka fomu. Ndiyo sababu nyingine ya kuuza kwa ratiba uliyoipanga mapema, si kwa kunusa upepo.

Pesa zikishatoka, zipeleke mahali ambapo meneja wako hana habari napo. Kwanza matumizi ya nyumba ya miezi 6, ikiwa ni pamoja na karo, kwenye mfuko wa soko la fedha, ambao pesa zake unaweza kuzitoa kwa siku chache kupitia simu. Kwa mnavyoishi nakadiria kama 350,000. Ninyi mnahitaji miezi 6 na si 3, kwa sababu vipato vyenu viwili vinatoka lango moja. Zinazobaki, dhamana za serikali: Benki Kuu inaziuza moja kwa moja kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa DhowCSD kuanzia shilingi 50,000. Na kama unazipenda hisa, nunua za kampuni nyingine ambazo zikianguka hazitachukua kazi yako.

Baada ya hapo endelea na ile 9,000 ya kila mwezi kama kawaida. Kila fungu likitimiza miaka 3 na nyongeza yake ikiiva, liuze. Utakuwa na hisa za thamani ya kama shilingi 480,000 kwa bei ya leo badala ya 1,200,000. Bado utakuwa mwenye kampuni, na kikao cha mwaka utaenda ule keki.

Kuhusu usaliti: kampuni ilikupa hisa hizo kama malipo ya kazi uliyokwisha kuifanya. Mshahara wa Machi hukuuacha kwenye kabati la mhasibu ili kuonyesha mapenzi. Wakurugenzi wenu nao huuza zao, na kampuni ikiwa sokoni taarifa za hisa za wakurugenzi zipo kwenye ripoti ya mwaka. Fungua ukurasa huo, linganisha na wa mwaka jana.

Na Baba Neema mwambie, badala ya kutafuta hisa zaidi, amuulize yule mkandarasi kama ana mizigo ya wateja wengine. Bandari iko hapo karibu. Hata safari mbili kwa wiki za mzigo ambao si wa kampuni yenu zitakuwa kamba moja iliyofungwa kwingine.

Nenda kesho Sacco uulize umewadhamini nani, kwa kiasi gani, na wamebakiza kiasi gani. Wakikupa karatasi hiyo, niandikie tena.